Artesuneti ya mshipa kwa mtoto mwenye malaria kali: kuanzia kichupa cha kwanza hadi kidonge cha mwisho cha ALu

Kila kundi jipya la wanafunzi wa uuguzi na utabibu linapoingia wodi ya watoto tunakofanyia kazi, hapa mkoani Tanga, maswali ni yale yale. Unga huu unachanganywa na nini? Mtoto wa kilo 14 anapewa mililita ngapi? Kwa nini tunampa vidonge vya siku tatu mtoto ambaye amekwisha kuamka, anacheza, na hata wadudu hawaonekani tena kwenye damu? Nimeyajibu mara nyingi mbele ya kitoroli cha dawa, na sasa nayaandika kwa utaratibu ili atakayekuwa zamu ya usiku peke yake awe na mahali pa kuangalia. Mwongozo huu ni wa mhudumu wa afya aliye wodini. Mzazi anayeusoma atafaidika zaidi na sehemu ya vidonge, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu inayofanyika nyumbani kwake.

Kwa nini tuliiacha kwinini

Kuna jambo moja la kushika kabla ya kugusa sindano, kwa sababu hatua zote zitakazofuata zinatokana nalo: artesuneti hupiga kwa nguvu na huondoka mwilini upesi.

Mdudu wa malaria anapoingia ndani ya chembe nyekundu ya damu huanza akiwa mchanga, na chembe hiyo huendelea kuzunguka na damu kama kawaida. Akishakomaa, chembe aliyomo hunata kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya ubongo, figo na viungo vingine, na hapo ndipo degedege na kupoteza fahamu vinapoanzia. Kwinini humuua zaidi mdudu aliyekomaa, yaani aliyekwisha kunata. Artesuneti humuua hata akiwa mchanga, kabla hajapata nafasi ya kunata, na kwa hiyo huzuia madhara ambayo yangekuja saa chache baadaye.

Kwinini ilikuwa na taabu nyingine ambazo wauguzi wa umri wangu wanazikumbuka vizuri. Ilibidi ipitishwe kwa dripu ya muda wa saa nne, ikianza na dozi ya miligramu 20 kwa kila kilo, kisha miligramu 10 kwa kila kilo kila baada ya muda wa saa nane. Dripu ikienda mbio, shinikizo la damu lilishuka na moyo ukapoteza mwendo wake. Zaidi ya hayo, kwinini huchochea kongosho kutoa insulini, sukari ikaanguka, na mtoto aliyekuwa amezimia kwa malaria akaendelea kuzimia kwa sukari bila mtu kutambua tofauti.

Ushahidi uliomaliza mjadala kwa watoto wa Afrika ulikusanywa kwa sehemu yake hapa hapa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, na vituo vyake viwili vya Tanzania vilikuwa Korogwe na Hospitali Teule ya Muheza. Katika kundi la kwinini walifariki asilimia 10.9 ya watoto, na katika kundi la artesuneti asilimia 8.5. Kabla ya hapo, mwaka 2005, utafiti wa Asia ambao wagonjwa wake wengi walikuwa watu wazima ulionyesha vifo asilimia 22 kwa kwinini na 15 kwa artesuneti. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza artesuneti kwa watoto wa Afrika mwaka 2011. Kila nikipita Muheza nikitazama juu kwenye milima ya Usambara hukumbuka kwamba Wajerumani walipanda miti ya kwinini kule Amani. Dawa iliyostawishwa mlimani ilikuja kushindwa bondeni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Andaa mzani unaofanya kazi, kanula iliyokwisha kufungwa na kuhakikishwa kuwa iko ndani ya mshipa, sirinji ya mililita 2, sirinji ya mililita 10, sindano mbili au tatu, pamba na spiriti, kipimo cha sukari pamoja na vijiti vyake, faili la mgonjwa na saa ya ukutani au ya mkononi. Boksi la dawa lenye kichupa cha miligramu 60 huwa na vitu vitatu: kichupa chenye unga mweupe, ampuli ya baikaboneti ya sodiamu yenye mililita 1, na ampuli ya maji ya chumvi yenye mililita 5. Vipo pia vichupa vya miligramu 30 na 120, ambavyo ampuli zake ni za ujazo tofauti. Kwa hiyo soma boksi lililo mkononi mwako, wala usitegemee uliloshika jana.

Usiandae maji ya sindano. Nayasema mapema kwa sababu ndiyo yanayokuwa karibu kuliko vyote kwenye kitoroli, na mkono uliozoea kuchanganya seftriaksoni huyafuata wenyewe. Artesuneti haichanganywi kwa maji ya sindano.

Hatua kwa hatua

Nitafuata mtoto mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mvulana wa miaka mitatu kutoka vijiji vya michungwa vya Muheza, aliyeletwa na mama na bibi yake usiku wa Jumanne akiwa na degedege mara mbili, hawezi kukaa wala kunyonya, na kipimo cha haraka kimeonyesha malaria.

1. Mpime uzito, usimkisie. Kama mtoto hawezi kusimama, mama asimame naye kwenye mzani, kisha asimame peke yake, nawe utoe. Mama wa mtoto wetu alikuwa kilo 61 peke yake na kilo 75 akiwa amembeba, hivyo mtoto ni kilo 14. Kukisia kunaponza mara mbili katika ugonjwa huu, kwa kuwa uzito huo huo ndio utakaoamua idadi ya vidonge keshokutwa, na kama utakavyoona, kilo moja tu inaweza kuongeza dozi maradufu.

2. Chukua damu na upime sukari papo hapo. Tone moja liende kwenye kipimo cha sukari, jingine kwenye kioo cha hadubini ili wadudu wahesabiwe, na jingine kwa ajili ya kupima wingi wa damu. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita, mpe dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, kupitia mshipa. Kwa mtoto wetu ni mililita 70. Artesuneti haiangushi sukari kama kwinini ilivyofanya, lakini malaria kali yenyewe huiangusha, na watu wengi waliacha kupima sukari siku ile ile walipoacha kwinini. Majibu ya maabara yasikucheleweshe. Mtoto mwenye dalili hizi na kipimo cha haraka chenye jibu anaanza dawa sasa.

3. Piga hesabu ya dozi na uiandike kabla ya kuvunja ampuli. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Mwenye kilo 20 na kuendelea, pamoja na mtu mzima na mama mjamzito, hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Hesabu ya mtoto wetu ni 14 mara 3, sawa na miligramu 42. Dawa ikishachanganywa kwa ajili ya mshipa, kila mililita ina miligramu 10, hivyo miligramu 42 ni mililita 4.2, nasi tunapandisha hadi mililita nzima inayofuata, yaani 5. Hatushushi hadi 4, kwa sababu kuzidisha kidogo hakumdhuru mtoto huyu, ilhali kupunguza kunamwacha na wadudu.

   Wanafunzi huniuliza mbona mtoto wa kilo 19 anapata mililita 6 na wa kilo 20 anapata 5, kana kwamba hesabu imegeuzwa. Haijageuzwa. Watoto wadogo huiondoa dawa hii mwilini kwa namna inayowaachia kiwango kidogo zaidi katika damu kwa kila kilo, na ndiyo maana miligramu zao kwa kilo ziliongezwa. Mpaka wa kilo 20 ni mstari uliochorwa na binadamu, na kwenye kila mstari wa namna hiyo kutakuwa na ngazi.

4. Yeyusha unga kwa baikaboneti kwanza. Futa mfuniko wa mpira kwa spiriti. Vuta mililita 1 yote ya baikaboneti na uiingize ndani ya kichupa, kisha kitikise taratibu. Unga huu ni asidi isiyoyeyuka vizuri kwenye maji, na baikaboneti ndiyo inayoubadilisha ukakubali kuyeyuka. Utaona mchanganyiko umekuwa kama maji ya mchele, wenye viputo vidogo vidogo vya hewa ya kaboni, halafu baada ya dakika moja au mbili unatakata mpaka unaweza kusoma maandishi ukiutazama kupitia kichupa. Usiharakishe hapa. Ukiona bado una ukungu au chembechembe baada ya muda huo, utupe na ufungue kingine.

5. Ongeza maji ya chumvi. Kwa kuwa hewa imejaa ndani, choma sindano tupu kwenye mpira ili ipumue, kisha ingiza mililita 5 za maji ya chumvi polepole. Dekstrosi ya asilimia 5 nayo inafaa kama ampuli imevunjika. Sasa una mililita 6 zenye miligramu 60. Toa sindano ya kupumulia na utikise kidogo.

   Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika. Dawa hii ikikusudiwa kuchomwa kwenye msuli wa paja, huongezwa maji ya chumvi mililita 2 tu, na jumla yake huwa mililita 3 zenye miligramu 20 kila moja, yaani nzito mara mbili. Ukichanganya kwa namna ya msuli ukapima mililita kwa hesabu ya mshipa, umempa mtoto dozi mbili kwa mpigo. Ukichanganya kwa namna ya mshipa ukapima kwa hesabu ya msuli, umempa nusu. Ndiyo sababu nataka neno “mshipa” au “msuli” liandikwe kwenye kipande cha plasta na kubandikwa juu ya sirinji, hata kama unakwenda nayo hatua tano tu.

6. Ipitishe kwa mkono, polepole, ndani ya kanula. Vuta mililita 5 za mtoto wetu na uzisukume kwa mwendo wa mililita 3 hadi 4 kwa dakika, yaani zimalizike katika dakika moja na nusu hivi. Usiitie kwenye chupa ya dripu. Nimekuta zaidi ya mara moja artesuneti imechanganywa ndani ya nusu lita na kuachwa idondoke usiku kucha, kwa mazoea ya kwinini. Dawa hii haidumu ikishachanganywa. Inatakiwa itumike ndani ya muda wa saa moja, na mililita iliyobaki kichupani hutupwa. Kuitunza kwenye friji kwa ajili ya dozi ya asubuhi si kubana matumizi, maana asubuhi haitakuwa dawa.

7. Andika saa halisi uliyoichoma, pamoja na saa za dozi mbili zijazo. Dozi tatu za mwanzo hutolewa mwanzoni kabisa, baada ya muda wa saa 12, na baada ya muda wa saa 24. Mtoto wetu alichomwa ya kwanza Jumanne saa 3:30 usiku, hivyo ya pili ni Jumatano saa 3:30 asubuhi na ya tatu ni Jumatano saa 3:30 usiku. Andika zote tatu usiku huo huo, kwenye faili na kwenye daftari la kukabidhiana zamu. Dozi ya pili ndiyo yatima, kwa sababu huangukia kwenye mabadiliko ya zamu, wa usiku akiamini wa asubuhi ataitoa na wa asubuhi akiamini imetolewa.

8. Usikatishe kabla ya dozi tatu. Jumatano mchana mtoto huyu alikaa kitandani akaomba andazi la mwenzake, na bibi akauliza kama sindano ya usiku bado ina haja. Inayo. Hata mtoto akiweza kumeza mapema, muda wa chini ni saa 24 za sindano, yaani dozi tatu. Asiyeweza kumeza baada ya hapo anaendelea na sindano moja kila siku, kwa saa ile ile, hadi atakapoweza.

Kutoka sindano kwenda vidonge

Sasa turudi kwenye lile jambo la mwanzo. Artesuneti inaondoka upesi, kiasi kwamba saa chache baada ya sindano ya tatu haimo tena katika damu ya mtoto. Wadudu waliobaki ni wachache mno kuonekana kwa hadubini, lakini wapo, na mdudu mmoja huzaa wengi. Kazi ya kuwamaliza hupewa ALu, dawa mseto ambayo sehemu yake ya lumefantrini hubaki mwilini kwa siku kadhaa. Mtoto anayeruhusiwa bila ALu kwa sababu “kioo ni safi” hajamaliza matibabu. Nilikwisha kumpokea mmoja wa namna hiyo, aliyeruhusiwa na kituo fulani akiwa mzima na akarudi baada ya wiki mbili na homa na wadudu tele, na karatasi yake ya ruhusa haikuwa na neno lolote juu ya vidonge.

9. Anza ALu kati ya muda wa saa 8 na saa 12 baada ya sindano ya mwisho, na utoe dozi kamili ya siku tatu. Siku za sindano hazihesabiwi ndani yake. Kwa vidonge vya kawaida, mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge 1 kila mara. Kilo 15 hadi chini ya 25 humeza 2. Kilo 25 hadi chini ya 35 humeza 3. Na kilo 35 na zaidi humeza 4. Kila mmoja humeza mara sita. Mtoto wetu wa kilo 14 anachukua kidonge 1 mara sita, jumla vidonge 6. Angekuwa kilo 15 angechukua 12. Hiyo ndiyo kilo moja niliyoitaja mwanzoni.

10. Mpe mama ratiba kwa saa za ukutani, si kwa idadi ya saa. Dozi ya pili ya ALu hutolewa muda wa saa nane baada ya ya kwanza, na lugha yetu inatutega hapo hapo. Ukimwambia mama “ampe tena baada ya saa nane”, anasikia saa nane ya mchana, na kama ya kwanza ilitolewa saa 4 asubuhi, zimepita saa nne tu. Wengine hungoja saa nane ipite ndipo watoe, na hao nao wamesikia sawa kabisa na tulivyosema. Kwa mtoto wetu niliandika hivi nyuma ya kadi ya kliniki, nikamtaka mama anisomee:

   Alhamisi: saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri
   Ijumaa: saa 1 asubuhi, saa 1 usiku
   Jumamosi: saa 1 asubuhi, saa 1 usiku

   Sindano ya mwisho ilikuwa Jumatano saa 3:30 usiku, hivyo Alhamisi saa 1 asubuhi zilikuwa zimepita saa tisa na nusu, ambazo ziko ndani ya muda. Kidonge hicho cha kwanza kilimezwa wodini mbele ya muuguzi, na hilo ndilo la kufanya kwa kila mtoto, kwani utaona kama anameza au anatema.

11. Kidonge kiandamane na mafuta. Lumefantrini hunyonywa vibaya tumbo likiwa tupu au chakula kikiwa kikavu. Kikombe cha maziwa kinatosha, au uji uliotiwa karanga, au wali wa nazi, ambao kwa pwani yetu hauhitaji kuelezwa. Chai ya rangi haisaidii. Kwa mtoto anayenyonya, maziwa ya mama ni chakula tosha. Kama kidonge hakimezeki, kisagwe kwenye kijiko cha maji na kufuatwa na maziwa. Akitapika kabla ya saa moja kupita, arudiwe kidonge kile kile, na mama apewe kimoja cha akiba kwa ajili hiyo, vinginevyo atakosa cha Jumamosi.

Mambo yanapokwenda kombo

*Mchanganyiko haukutakata.* Mara nyingi maji ya chumvi yalitangulia baikaboneti, au mtu alitumia maji ya sindano. Usijaribu kuuokoa. Fungua kichupa kipya.

*Mshipa haupatikani.* Usitumie nusu saa ukitafuta mshipa kwa mtoto anayetetemeka. Changanya kwa namna ya msuli, choma sehemu ya mbele ya paja, na uendelee kutafuta mshipa kwa ajili ya sukari na mengineyo. Dozi kwa miligramu ni ile ile. Kinachobadilika ni mililita.

*Dozi ya pili imesahauliwa na umegundua mchana.* Itoe mara unapogundua, andika saa halisi, na upange inayofuata muda wa saa 12 kutoka hapo. Usitoe mbili kwa pamoja.

*Kipimo cha haraka bado kinaonyesha malaria siku ya nne.* Kipimo hicho husoma protini ya mdudu, ambayo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mdudu mwenyewe kufa. Hakifai kupimia kama dawa inafanya kazi. Kama unataka kujua, omba kioo cha hadubini, ulinganishe hesabu na ile ya usiku wa kwanza.

*Fahamu hazirudi ingawa wadudu wanapungua.* Pima sukari tena, kisha fikiria homa ya uti wa mgongo na maambukizi ya bakteria kwenye damu. Mtoto anaweza kuwa na wadudu wa malaria na ugonjwa mwingine unaomuua, na katika mkoa kama wetu, ambako wapo wenye wadudu bila hata kuumwa, kosa la kuishia kwenye jibu la malaria ni rahisi mno kulifanya.

*Artesuneti imekwisha stoo.* Artemeta ya msuli hutangulizwa, na kwinini hutumika pale ambapo hata hiyo haipo. Kwinini haijawa sumu. Imeshindwa tu na iliyo bora, nayo ikitumika irudi na dripu yake ya polepole na sukari inayopimwa mara kwa mara.

*Mtoto amerudi akiwa mweupe, macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, wiki moja hadi tatu baada ya kuruhusiwa.* Hili linahitaji maelezo marefu kidogo, maana wengi huliona wakadhani malaria imerudi. Artesuneti inapomuua mdudu akiwa mchanga, wengu huweza kumnyofoa mdudu huyo kutoka ndani ya chembe nyekundu na kuirudisha chembe kwenye mzunguko. Chembe hiyo inaishi, lakini si kwa umri wake wa kawaida. Zile zilizonyofolewa pamoja huja kuvunjika karibu pamoja, siku nyingi baada ya dawa kwisha, na damu ikashuka kwa ghafla. Hutokea zaidi kwa aliyekuwa na wadudu wengi sana. Usimrudishie artesuneti kwa kukisia. Chukua kioo, pima wingi wa damu, na kama imeshuka sana mtayarishie damu ya kuongezewa.

Kwa sababu hiyo siandiki tarehe ya kurudi moja. Kadi ya mtoto wetu ilikuwa na tarehe tatu za kupima damu, siku ya 7, ya 14 na ya 28 tangu sindano ya kwanza, na chini yake maneno ya mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kwa kuwa mama alikuwa ameniambia kwamba kutoka kijijini kwao hadi barabara ya lami ni mwendo, na atakayekuja naye huenda akawa bibi.